Kuwasilisha hoja ya hisa kwenye klabu ya uwekezaji: mfano wa NMB, hatua kwa hatua

Katika klabu nyingi za uwekezaji, hisa hununuliwa kwa sababu mjumbe mmoja ameongea vizuri. Anasimama, anasema benki fulani imetangaza gawio nono, wenzake wanaafiki, na mweka hazina anaagizwa apeleke pesa kwa dalali. Mwaka mmoja na nusu baadaye bei imeshuka, na hakuna anayekumbuka hisa ile ilinunuliwa kwa kutegemea nini. Bila kumbukumbu hiyo, klabu haiwezi kujua kama ivumilie au iuze. Ndiyo maana mimi hulipima wasilisho kwa kitu kimoja: je, limeacha karatasi inayoweza kusomwa na mtu ambaye hakuwepo kikaoni, naye akajua ni jambo gani likitokea hoja itakuwa imekufa?

Nitafundisha kwa mfano. Tuchukue klabu ya wanachama 15 jijini Dar es Salaam yenye mfuko wa shilingi milioni 30. Ni katikati ya 2024, na mjumbe mmoja anataka klabu inunue hisa za Benki ya NMB zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Takwimu za faida na gawio ni za kweli. Klabu yenyewe ni ya kubuni, na bei ya shilingi 5,000 kwa hisa nimeichagua ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Siku ya wasilisho lako utaweka bei ya siku hiyo.

Hatua ya kwanza: kusanya hesabu kabla ya maneno

Kwa benki unahitaji vitu viwili tu kuanzia: ripoti za mwaka za miaka isiyopungua minane, na taarifa za fedha za kila robo mwaka ambazo mabenki hutakiwa kuzichapisha magazetini. Watu wengi huishia kwenye mstari wa faida. Teremka hadi sehemu ya viashiria mwishoni mwa mizania, utakuta uwiano wa mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, kwa mikopo yote. Mstari huo mfupi ndio utakaobeba nusu ya wasilisho lako.

Kwa nini miaka minane na si mitatu? Kwa sababu ukichukua mitatu ya mwisho utaona mwinuko mtupu. NMB ilipata faida baada ya kodi ya takriban shilingi bilioni 429 mwaka 2022 na bilioni 542 mwaka 2023. Mtu akiishia hapo atadhani faida ya benki hupanda tu. Rudi nyuma zaidi utakuta kuwa mwaka 2016 ilikuwa takriban bilioni 154, na mwaka 2017 ikaporomoka hadi bilioni 93.5. Wasilisho lisilo na mwaka 2017 ndani yake halijakamilika, na tutaurudia mwaka huo mara kadhaa.

Jambo la kushukuru kwa NMB ni kwamba ina hisa milioni 500 kamili, kwa hiyo kila mjumbe anaweza kugawanya mwenyewe kwa simu yake. Faida ya bilioni 542 ukiigawa kwa hisa milioni 500 unapata shilingi 1,084 kwa kila hisa. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 361 na senti kadhaa, yaani theluthi ya faida. La 2022 lilikuwa 286, nalo ni theluthi. Hata gawio dogo la 2017, shilingi 64, lilikuwa karibu theluthi. Ukiuona mpangilio huo unajua kwamba gawio la benki hii halina siri yake lenyewe. Faida ikipanda linapanda, faida ikishuka linashuka nayo.

Hatua ya pili: andika hoja inayoweza kukanushwa

"NMB ni benki kubwa na imara, ina matawi nchi nzima" ni sifa, na sifa haiwezi kukosea. Hoja inatakiwa iseme nini kitatokea, kwa sababu gani, na ndani ya muda gani. Kwa mfano wetu ningeiandika hivi:

"Ndani ya miaka mitatu faida ya NMB kwa kila hisa itakua kwa wastani wa angalau asilimia 6 kwa mwaka, kwa sababu benki inapata amana za gharama nafuu kupitia akaunti za mishahara na mawakala, na kwa sababu gharama za uendeshaji zimeshuka hadi karibu asilimia 40 ya mapato. Hoja hii inategemea mikopo chechefu kubaki chini ya asilimia 5."

Angalia sentensi ya mwisho. Imetaja nguzo ambayo ikivunjika nyumba nzima inaanguka. Asilimia 5 nayo sikuiokota hewani. Ndiyo kiwango ambacho Benki Kuu huyataka mabenki yasikivuke, na wakati huo NMB ilikuwa karibu na asilimia 3. Kwa hiyo kuna nafasi ya pointi mbili hivi kati ya hali iliyopo na hatari, na klabu inaweza kuitazama nafasi hiyo ikipungua au kuongezeka kila robo mwaka.

Kama una sababu tano, chagua mbili. Sababu ya tatu na ya nne huwa zinawekwa ili kumridhisha mjumbe anayesita, na siku mambo yakiharibika hakuna atakayejua ni sababu ipi iliyokufa.

Hatua ya tatu: hatari, na bei ya kila hatari

Hapa ndipo mawasilisho mengi hulegea. Mtoa hoja anaorodhesha "mfumuko wa bei, siasa, ushindani, majanga" kisha anapita. Orodha kama hiyo ungeweza kuibandika kwenye hisa yoyote ile. Hatari inayostahili kuandikwa ni ile unayoweza kusema itaonekana wapi kwanza na itaigharimu klabu shilingi ngapi.

Kwa NMB hatari ya kwanza ni mikopo chechefu, na mwaka 2017 unatupa picha yake kamili. Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za taasisi za umma zihamishiwe Benki Kuu, na mabenki makubwa yaliyokuwa yakizitunza yakajikuta na ukwasi mdogo. Mikopo chechefu katika sekta nzima ikapanda hadi kuzidi asilimia 10. Mwezi Aprili 2017 watumishi zaidi ya 9,900 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Sasa fikiria benki inayokopesha watumishi wa umma kwa kukata mshahara: mshahara ukikoma, makato nayo yanakoma. Mkopo wa mtumishi huonekana kuwa salama kuliko yote, lakini usalama wake unategemea mwajiri mmoja tu, na mwajiri huyo ni serikali.

Matokeo kwa mwenye hisa ni haya: gawio la 104 la mwaka 2016 lilishuka hadi 64 mwaka 2017, likawa 66 mwaka 2018 na 96 mwaka 2019. Lilivuka tena 104 kwa faida ya mwaka 2020, lilipofika 137. Mjumbe aliyeweka pesa kwa kutegemea gawio alisubiri miaka minne. Maelezo haya yawekwe mezani yakiwa na takwimu zake, kwa sababu swali ambalo klabu inapaswa kujiuliza ni kama inaweza kusubiri muda kama huo.

Hatari ya pili ni kuuza. Arise ya Uholanzi inamiliki asilimia 34.9 ya NMB na Serikali asilimia 31.8. Theluthi mbili ya hisa zimekaa kwa wamiliki wawili ambao hawauzi kila wiki. Zinazobaki zimegawanyika kati ya mifuko mikubwa na wawekezaji wadogo, na wengi wao hununua wakatulia. Mwombe dalali akuonyeshe ubao wa oda kabla ya kikao. Siku ya kawaida unaweza kukuta anayetaka kununua hisa 200 kwa 4,950, mwingine 150 kwa 4,900, halafu wanunuzi wanaisha. Bei iliyoandikwa ni 5,000, lakini klabu yenye hisa 1,200 za kuuza asubuhi hiyo haitapata 5,000. Ikitaka pesa haraka itashusha bei, na isipotaka kushusha itangoja majuma. Klabu nyingi huhitaji pesa Januari wakati wa ada za shule, na wengine wenye hisa nao huhitaji wakati huohuo. Kwa hiyo andika wazi: pesa itakayowekwa hapa isiwe ile ambayo mwanachama anaweza kuidai ndani ya miezi sita.

Hatari ya tatu ni kupanda kwa riba za hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali hukopea pesa kwa wawekezaji na kuwalipa riba, ila hatari hiyo sitaieleza hapa kwa sababu itaingia yenyewe tukifika kwenye thamani.

Hatua ya nne: thamani inayoishia kwenye bei ya kununulia

Kwa bei ya 5,000 na faida ya 1,084 kwa hisa, mnunuzi analipa mara 4.6 ya faida ya mwaka. Watoa hoja wengi husema "ni rahisi mno" na kukaa chini. Rahisi ikilinganishwa na nini? Kwa klabu ya Tanzania mshindani wa hisa yoyote ni hatifungani ya serikali. Ile ya miaka 20 ilijulikana kwa muda mrefu kwa riba yake ya asilimia 15.49, na riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Gawio la hisa zilizoorodheshwa hukatwa asilimia 5. Kwa hiyo gawio la 361 kwenye bei ya 5,000 ni asilimia 7.2, na baada ya kodi linabaki asilimia 6.9. Pengo la kufikia 15 lazima lijazwe na kupanda kwa bei, na kazi yako ni kuonyesha kama litajazwa.

Fanya hali tatu za miaka mitatu, si zaidi. Katika hali ya wastani faida inakua asilimia 6 kila mwaka, kama hoja inavyosema. Faida kwa hisa inafika 1,291 mwaka wa tatu. Usidhani soko litailipia zaidi ya linavyolipa leo; acha mara 4.6 ileile. Bei inakuwa takriban 5,940. Magawio matatu ya theluthi, yaani 383, 406 na 430, yanatoa 1,158 baada ya kodi. Jumla ni karibu 7,100 kwa kila hisa iliyonunuliwa kwa 5,000. Hiyo ni asilimia 42 kwa miaka mitatu, au karibu asilimia 12.4 kwa mwaka, na bado hujaondoa gharama za dalali na soko ambazo kwa oda ndogo hukaribia asilimia 2 wakati wa kununua na nyingine wakati wa kuuza.

Tazama kilichotokea. Hoja ikitimia barabara kama ilivyoandikwa, klabu inapata pungufu ya hatifungani. Hesabu hii ndiyo inayotenganisha kampuni nzuri na manunuzi mazuri, na mara nyingi mtoa hoja huigundua akiwa kikaoni baada ya kuulizwa na mjumbe aliyewahi kununua hatifungani. Ni heri aigundue nyumbani.

Katika hali nzuri faida inakua asilimia 12 na soko linalipa mara 5. Hesabu hiyohiyo inatoa karibu 8,910, sawa na asilimia 21 kwa mwaka. Katika hali mbaya mwaka 2017 unajirudia: faida inashuka asilimia 39 hadi 661 na kukaa hapo, gawio linakuwa 220, bei kwa mara 4.6 ni 3,040. Ukijumlisha magawio, hisa ya 5,000 imerudisha karibu 3,670. Hasara ni asilimia 27.

Sasa geuza hesabu. Kama klabu inataka asilimia 18 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya hatifungani kwa sababu inabeba hatari, inaweza kulipa kiasi gani leo ili ipate ile 7,100 baada ya miaka mitatu? Gawanya 7,100 kwa 1.18 mara tatu, utapata karibu 4,300. Ikiridhika na 15, ni karibu 4,670. Hivyo pendekezo linabadilika. Badala ya "tununue NMB", linakuwa "tununue NMB kwa bei isiyozidi 4,300, na dalali apewe oda yenye kikomo hicho". Kama mtoa hoja anaamini kweli ukuaji utakuwa asilimia 12, ana haki ya kutetea bei ya juu zaidi, lakini itambidi aseme anajua nini kuhusu benki hii ambacho soko halijakijua.

Maliza sehemu hii kwa kiasi. Asilimia 20 ya mfuko ni milioni 6. Hali mbaya ikitokea kwa bei ya 5,000, klabu inapoteza takriban milioni 1.6, ambayo ni kama shilingi 107,000 kwa kila mwanachama. Taja kiasi hicho kwa sauti. Asilimia 27 haimshtui mtu. 107,000 kila mmoja anaijua uzito wake.

Hatua ya tano: masharti ya kutoka, yaandikwe kabla ya kura

Ukiisha kununua, akili yako hutafuta sababu za kubaki. Ndiyo maana masharti huandikwa wakati bado hamna kitu. Kwa mfano wetu ningeweka matatu.

Mikopo chechefu ikivuka asilimia 4 kwenye taarifa ya robo mwaka, mtoa hoja anaitisha mjadala na klabu haiongezi hisa. Ikivuka 5 kwa robo mbili mfululizo, klabu inaanza kuuza bila kusubiri bei irudi. Nimeweka ngazi mbili kwa sababu ubao wa oda ni mwembamba: ukisubiri hadi habari iwe kwenye kila gazeti, wanunuzi watakuwa wameondoka.

La pili: benki ikipunguza gawio chini ya theluthi ya faida bila maelezo ya kuridhisha, kwa mfano kuongeza mtaji kwa ajili ya upanuzi uliotajwa, hoja inarudi mezani ndani ya siku 30.

La tatu ni la furaha. Bei ikifika mara 8 ya faida, klabu inauza nusu. Watu husahau kwamba kutoka kwa faida nako kunahitaji sharti, vinginevyo kila ongezeko la bei linazaa tumaini la ongezeko jingine.

Ambacho sikuweka ni "bei ikishuka asilimia 15 tuuze". Kwenye hisa inayouzwa kwa nadra, bei inaweza kushuka kwa sababu mtu mmoja alihitaji pesa Ijumaa. Mwaka 2020 bei ya NMB ilikaa palepale kwa muda mrefu huku faida ikikua. Mwenye kutazama bei peke yake asingejifunza chochote.

Kisha andika nani anaamua. Ni mweka hazina na katibu wanaotia sahihi oda ya kuuza, au hadi kikao kikae? Kama klabu hukutana mara moja kwa mwezi na sharti limetimia wiki ya kwanza, mnasubiri wiki tatu? Jibu liwe kwenye karatasi.

Hatua ya sita: siku ya kikao

Tuma kurasa mbili kwa wajumbe siku tatu kabla. Kikaoni usizisome. Anza kwa kutangaza maslahi: "Mwenyekiti, ndugu wajumbe, kabla sijaanza, mimi binafsi ninamiliki hisa za benki hii," au humiliki, au ndugu yako anafanya kazi pale. Kisha dakika 15 zinatosha: mbili za hoja, tano za hatari, tano za thamani, tatu za masharti. Sifa za kampuni hazina dakika zake, maana wajumbe wanaijua NMB.

Omba mwenyekiti ateue mpinzani mapema, mjumbe ambaye kazi yake ni kutafuta udhaifu wa hoja. Asipokuwepo, heshima za kwetu zitawafanya watu wanyamaze mbele ya mkubwa au mwalimu, halafu wakalalamike kwenye kundi la WhatsApp usiku. Mpinzani akiuliza, "Ndugu mtoa hoja, kwa nini tusinunue hatifungani tukalala?", jibu zuri ni kufungua ukurasa wa thamani na kuonyesha 4,300. Akiuliza jambo usilolijua, sema utaleta jibu kwa tarehe fulani, na kura ingoje kama jibu hilo linagusa hoja. Kura yenyewe iwe ya pendekezo lililoandikwa lote: bei ya kikomo, kiasi, masharti, na tarehe ya oda kuisha. Miezi mitatu inatosha. Bei isipofika, hesabu zinafanywa upya.

Hatua ya saba: kuifungua karatasi

Kwa mwaka 2024 NMB ilitoa gawio la shilingi 428.85 kwa hisa. Ukizidisha kwa tatu unapata faida ya karibu 1,286, ongezeko la asilimia 19 hivi juu ya 1,084. Klabu yetu iliandika 6 kwa hali ya wastani na 12 kwa hali nzuri. Ukuaji umezipita zote mbili. Kama oda ya 4,300 haikupata muuzaji, mpinzani na mtoa hoja wote wana kazi kikaoni. Je, ukuaji ulitoka kwenye sababu mbili zilizoandikwa, au kwenye kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye karatasi? Gharama kwa mapato zimeendelea kushuka? Mikopo chechefu iko wapi? Majibu hayo yakishapatikana, mtoa hoja anaweka 1,286 mahali pa 1,084, anaweka bei ya leo mahali pa 5,000, anaangalia riba ya hatifungani ya mnada wa mwisho, na kuleta bei mpya ya kikomo.